Mashine Iliyojiwasha: Tulivyoandika Upya Ripoti ya Ajali Kazini

Mtu aliyeumia alikuwa fundi wa chuma katika ateli moja ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Alikatwa mkono wa kushoto na mashine ya diski, ile kubwa ya milimita 230 tunayokatia vyuma vya milango na paa. Siku hiyo hiyo jioni msimamizi wa zamu aliandika maelezo ya ajali, yakapigwa muhuri, yakapelekwa. Baadaye yalirudishwa yakiwa na maswali ambayo hakuna aliyeweza kuyajibu kwa kuyatazama maelezo yenyewe. Mimi nilikuwa nimefika kutazama siku ile ile ya ajali na asubuhi iliyofuata, lakini hapo ndipo nilipopewa faili nilishughulikie, nami naeleza hapa namna lilivyotengenezwa upya, kwa sababu makosa yaliyokuwamo ni yale yale ninayoyaona karibu katika kila ripoti inayoandikwa na mtu mwenye haraka na hofu.

Maelezo ya kwanza yalikuwa hivi, nikiyatoa kwenye Kifaransa chake:

"Leo mchana fundi alikuwa anakata vyuma. Umeme ulikatika, akasahau kuzima mashine na kuiacha juu ya meza bila uangalifu. Umeme uliporudi mashine ilijiwasha, ikamrukia na kumkata mshipa wa mkono wa kushoto kwa sababu hakuvaa glavu. Ni uzembe wa mfanyakazi. Ameonywa awe makini."

Ukiyasoma haraka utaona ni maelezo mazuri. Mafupi, yana mwanzo na mwisho, na mtu anayeijua kazi anaona picha kichwani. Shida ni kwamba picha hiyo ilitoka kichwani mwa msimamizi, na msimamizi hakuwapo. Alikuwa ofisini, ng'ambo ya uwanja. Alifika mezani baada ya majeruhi kuondolewa. Kwa hiyo hakuna hata jambo moja la dakika ile ya ajali aliloliona kwa macho yake, ila ameandika yote kama shahidi.

Siandiki hivi kumlaumu. Mtu wake amemwagika damu, mke wa fundi yuko getini anauliza, mwenye ateli anapiga simu kila baada ya muda mfupi. Katika hali hiyo akili inaziba mapengo yenyewe, na mwandishi hajui kwamba imeyaziba.

Kazi ya kwanza niliyofanya ni kuchukua kalamu ya risasi na kuandika pembeni ya kila sentensi: nani aliona, akiwa amesimama wapi, saa ngapi? Sentensi ikipata jina la mtu, mahali na saa, ni jambo lililoonekana. Ikipata jina la mtu aliyesema lakini mwandishi hakuona, ni kauli, na lazima ibaki na jina la msemaji. Isipopata jina lolote, ni dhana ya mwandishi. Na ikiwa inampima mtu, kwamba ni mzembe au ni hodari, ni maoni, hata kama kila mtu pale anakubaliana nayo. Ripoti ile ilikuwa na sentensi tano, na nilipomaliza sikuwa na jina hata moja pembeni.

Nianze na "hakuvaa glavu", maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi.

Nilimuuliza msimamizi alijuaje. Akasema, "Nilizikuta juu ya meza, zote mbili." Saa ngapi? Alikadiria 14:50, kwa sababu gari lilikuwa limeondoka na majeruhi kama robo saa hivi. Sasa tazama: alichokiona ni glavu mbili juu ya meza saa 14:50. Alichokiandika ni kwamba saa ya ajali mkono ulikuwa wazi. Kati ya hayo mawili kuna nusu saa nzima, na ndani ya nusu saa hiyo watu walikuwa wanamhudumia mtu anayevuja damu.

Nikamtafuta aliyemfunga kitambaa. Alikuwa fundi mwenzake wa meza ya jirani. Sikumuuliza kama jamaa alivaa glavu au hakuvaa, kwa sababu swali la namna hiyo linampa mtu majibu mawili tu na linamwonyesha lipi unalitaka. Nilimwambia, "Papa, unieleze ulivyofanya kuanzia uliposikia kelele mpaka gari likaondoka." Katikati ya maelezo yake akasema, "Nilimuvua glavu kwanza, damu ilikuwa inaingia ndani, nikaitupa pale juu ya meza." Tulikwenda kuitazama. Glavu ya kushoto ilikuwa na damu iliyokauka upande wa ndani, kwenye ukingo wa kifundo. Ya kulia ilikuwa safi.

Kwa hiyo maneno mawili, yaliyoonekana kama jambo dogo la kawaida, yalikuwa kinyume na ushahidi. Na "kwa sababu" iliyofuata ilikuwa na kasoro ya pili, ambayo ingebaki hata kama kweli hakuvaa. Karatasi ya muuguzi wa kituo cha afya ilisema jeraha liko upande wa nje wa mkono, linaanzia takriban sentimita 9 juu ya kifundo. Fundi aliporudi na bandeji yake, tulimwomba avae glavu ya kulia ya jozi ile ile. Ukingo wake ulifika sentimita 4 juu ya kifundo. Glavu hizo zisingefika mahali alipokatwa. Kila ukiandika "kwa sababu" katika maelezo ya tukio, umetoka kwenye kuona na umeingia kwenye kueleza chanzo, na chanzo kina sehemu yake mbele, baada ya ushahidi wote kuwekwa mezani. Mimi sasa neno hilo nalifuta kabisa kwenye sehemu ya kwanza ya ripoti, liwe sahihi au lisiwe. Naandika mambo mawili yakifuatana kwa saa zake na naacha kuyafunga pamoja.

Kisha "alisahau kuzima". Kusahau kuko ndani ya kichwa cha mtu. Hakuna anayekuona ukisahau. Kinachoonekana ni kitufe.

Mashine hii ina swichi ya kubana kwa vidole, na pembeni yake kuna kitufe kidogo cha kuifungia ili ukikata chuma kirefu vidole visichoke. Ukikibonyeza, swichi inabaki imebanwa hata ukiiachilia mashine. Mimi nilifika saa 15:10. Niliikuta mashine sakafuni chini ya meza, diski ikiwa mahali pake, kikinga chake kikiwa kimefungwa, kamba yake ikiwa imechomolewa, na swichi ikiwa imefungiwa kwenye kuwaka. Hayo niliyaona na kuyapiga picha kabla mtu hajaigusa tena. Lakini ni hali ya saa 15:10. Kuanzia ajali mpaka hapo, je, kuna aliyeishika? Mwanagenzi alisema, "Mi nilichomoa kamba, sikushika mashini." Ndiyo maana swichi ilibaki ilivyokuwa. Angeizima kwa kitufe badala ya kuchomoa, tusingekuwa na kitu cha kutazama, na ripoti ingelazimika kusema tu kwamba hali ya swichi kabla ya ajali haijulikani.

Fundi mwenyewe alisema nini? Nilimfuata nyumbani, na alikuwa na hofu iliyoonekana usoni, maana tayari alikuwa amesikia kwamba ameandikwa mzembe. Nilimsomea maneno yangu ya mwanzo kwamba sitafuti nani mwenye kosa, natafuta kilichotokea kwa mfuatano. Nikamwacha aseme. "Nilikuwa nakata, umeme ukaenda, mashini ikanyamaza. Nikaiweka. Sikumbuki kama nilifungua kile kitufe." Sentensi ya mwisho ina thamani kubwa, na inaingia kwenye ripoti kama ilivyo: fundi anasema hakumbuki. Si sawa na alisahau, wala si sawa na hakufungua. Mwanagenzi naye alisema aliisogeza ile mashine kidogo wakati umeme umekatika, ili afagie vumbi la chuma. Je, mkono wake ulibonyeza kitufe? Anasema hapana. Basi watu wawili waliigusa mashine kabla ya umeme kurudi, na hakuna shahidi wa kitufe. Hilo linaandikwa wazi. Pengo likiandikwa kuwa ni pengo, msomaji anajua mahali pa kutia shaka. Likizibwa, anadhani hakuna.

Msimamizi aliniuliza, "Lakini shefu, kama isingekuwa imefungiwa ingejiwashaje?" Swali zuri, na linaonyesha tofauti kati ya dhana tupu na hitimisho lenye mguu. Kwamba swichi ilikuwa kwenye kuwaka umeme uliporudi, hilo tunaweza kulihitimisha, lakini mpaka tuondoe uwezekano mwingine, kwa mfano swichi iliyoharibika ndani ikagandamana kwa vumbi la chuma. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata, mbele ya msimamizi na mwakilishi wa wafanyakazi, tuliondoa diski, tukaibana mashine kwenye jiliwa, tukaitia umeme kupitia kamba ndefu yenye swichi yake mbali. Swichi ya mashine ikiwa imeachiliwa, haikuwaka. Ikibanwa, iliwaka, ikiachiliwa, ilizima. Ikifungiwa, kisha umeme ukakatwa kwa mbali na kurudishwa, iliwaka yenyewe papo hapo. Mashine nyingine za aina hii zina kinga inayozizuia kuwaka upya mpaka swichi iachiliwe na kubanwa tena. Hii haina. Jaribio kama hili usilifanye diski ikiwa mahali pake, na usilifanye kabla ya picha na vipimo vyote kukamilika, maana ukishaigusa swichi umefuta ushahidi.

Matokeo ya jaribio ni jambo lililoonekana, lina tarehe na mashahidi. Hitimisho kwamba swichi ilikuwa imefungiwa wakati wa ajali linaandikwa sehemu nyingine, likitaja jaribio hilo kuwa ndilo msingi wake. Nani aliifungia na lini, halijahitimishwa.

Sasa "umeme uliporudi". Kila mtu aliyeisoma ripoti ile alielewa kwamba SNEL, shirika la umeme la taifa, ilirudisha umeme, kwa sababu hapa kwetu ndivyo tunavyozungumza, na umeme kwenda na kurudi ni jambo la kila wiki. Nikaomba daftari la jenereta. Jenereta iliwashwa siku ile, na mlinzi wa jenereta aliandika saa: 14:27.

Hapo nilikwama, kwa sababu simu ya fundi wa jirani ilionyesha kwamba alimpigia dereva saa 14:24. Kwa karatasi hizo mbili, mtu alikwisha kuumia dakika tatu kabla jenereta haijawashwa. Ukiwa na haraka utachagua moja: utasema mlinzi aliandika vibaya, au utaiacha jenereta kabisa na kurudi kwenye SNEL. Zote mbili ni dhana. Tulikwenda kwenye chumba cha jenereta kutazama saa anayoitumia, ya ukutani. Ilisoma 7:38 wakati simu ilisoma 7:31. Iko mbele kwa dakika 7. Ukiziondoa, jenereta iliwashwa 14:20, dakika 4 kabla ya simu.

Namna ya kuliandika hili ni muhimu. Siandiki "jenereta iliwashwa 14:20". Naandika kwamba daftari linasema 14:27. Kwamba saa ya ukutani ilipolinganishwa na simu asubuhi iliyofuata ilikutwa mbele kwa dakika 7. Na kwamba ikiwa tofauti ilikuwa hiyo hiyo siku ya ajali, basi iliwashwa 14:20. Hilo "ikiwa" ni dhana, ndogo na ya haki, lakini msomaji ana haki ya kuiona. Na saa zote naziandika kwa mtindo wa 24, maana "saa nane" ya mtu mmoja ni alasiri na ya mwingine ni asubuhi.

Kwa nini nimeng'ang'ania jenereta? Kwa sababu SNEL hairudishi umeme kwa kugonga kengele, lakini jenereta inawashwa na mtu, na mtu anaweza kuonya kwanza. Mlinzi alisema huwa anaiwasha na kuvuta kishikio cha kubadilisha umeme bila kumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwagiza vinginevyo. Maneno mawili, "umeme uliporudi", yalikuwa yamemficha mtu huyu na kishikio chake. Na pamoja naye yalificha marekebisho rahisi kuliko yote: piga kengele, ngoja mafundi waachilie swichi, ndipo uvute.

"Bila uangalifu" ni maoni yaliyovaa nguo za tukio. Dawa yake ni kipimo. Fundi alitia alama ya chaki mezani mahali anaposema aliiweka mashine, na tepu ikatoa sentimita 35 kutoka ukingo wa meza aliposimama. Hapa pia angalia: urefu ni kipimo changu, lakini mahali pa chaki ni kauli yake. Kilichoisaidia kauli hiyo ni meza yenyewe. Juu ya bamba lake la chuma kulikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa, bila kutu, wakati mikwaruzo mingine yote imeingia kutu. Ulianza karibu na alama ya chaki ukaelekea ukingoni, urefu wa sentimita 28, upana kama milimita 3. Diski ina unene wa milimita 3. Nimeandika mkwaruzo, rangi yake, urefu, upana na unene wa diski kama vitu vilivyoonekana. Kwamba diski ndiyo iliyoukwaruza, nimeliweka kwenye hitimisho.

Diski yenyewe niliinakili ilivyosomeka: mzunguko wa juu 6,600 kwa dakika, kasi ya ukingo mita 80 kwa sekunde. Bamba la mashine linasoma 6,500. Siandiki "diski ilikuwa sahihi". Nanakili namba mbili, kwa sababu mtu akija kesho na kudai kwamba tuliweka diski isiyolingana na mashine, namba zitamjibu.

Kuhusu "mshipa", sina mengi. Sisi tuliona damu na kidonda kirefu. Kilichokatika ndani anakijua aliyemtibu. Ukiandika mshipa na cheti kikaja kinasema ngozi na msuli tu, karatasi mbili za faili moja zinagombana, na anayeumia kwa ugomvi huo ni mgonjwa. Tangazo la ajali linalokwenda CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, linafuatana na cheti cha daktari. Acha kila karatasi iseme yake. Nanukuu cheti kwa maneno yake na tarehe yake, sikitafsiri kwa akili yangu.

Na "uzembe"? Liliondoka lote. Si kwa huruma. Ni kwa sababu neno hilo linafunga uchunguzi. Mtu akishaandika mzembe, pendekezo linalofuata linajulikana, naye ataonywa, na jioni hiyo hiyo mashine isiyo na kinga inarudi mezani, mlinzi anavuta kishikio chake, na fundi mwingine anasimama pale pale. Ikiwa mtaalamu ana maoni kuhusu mwenendo wa mtu, ayaandike chini ya kichwa cha habari cha peke yake, na jina lake, na aseme anayajenga juu ya kipi.

Gharama ya kuandika mara mbili haikuwa ndogo. Wakati faili linazunguka, familia ilikuwa inakopa nauli ya kwenda kubadilisha bandeji, na fundi alikuwa anapita mbele ya wenzake akijua jina alilopewa. Msimamizi naye alikasirika, akidhani namtafutia kesi. Kilichomtuliza ni kumwonyesha kwamba hata yeye maelezo mapya yanamlinda: zamani sahihi yake ilikuwa inathibitisha mambo asiyoyaona, na mtu yeyote angeweza kumuuliza mbele ya mkaguzi wa kazi, "Ulikuwa umesimama wapi?"

Kitu kimoja sikuweza kukirudisha. Mwanagenzi alikuwa amekwisha kuhojiwa mbele ya watu, msimamizi akiwapo, siku ya kwanza, na alikuwa amesema "ndiyo" kwa kila jambo. Nilipomhoji peke yake alisema tofauti kuhusu kuisogeza mashine. Kauli zote mbili ziko kwenye faili, kila moja na tarehe yake na waliokuwapo. Sikuchagua moja. Kauli ya Kiswahili niliiandika kwa Kiswahili chake kati ya alama za kunukuu, na tafsiri ya Kifaransa chini yake, ili mtu akitilia shaka tafsiri arudi kwenye maneno ya asili.

Maelezo yaliyopelekwa mara ya pili, kwa sehemu yake ya tukio, yalikuwa hivi:

"Mwandishi alifika saa 15:10, hakushuhudia ajali. Alichoona: mashine ya diski ya milimita 230 iko sakafuni chini ya meza, kamba imechomolewa, swichi imefungiwa kwenye kuwaka, kikinga kipo. Mkwaruzo usio na kutu mezani, sentimita 28. Glavu mbili mezani. Ya kushoto ina damu upande wa ndani. Daftari la jenereta: imewashwa 14:27 kwa saa ya ukutani, iliyokutwa asubuhi iliyofuata iko mbele kwa dakika 7. Simu ya fundi wa meza ya jirani kwa dereva: 14:24.

Fundi aliyeumia anasema alikuwa anakata umeme ulipokatika, akaiweka mashine mezani. Hakumbuki kama alifungua kitufe. Anasema: 'Nilikuwa napima chuma, nikasikia mashini inalia, nikaangalia, iko juu ya mukono yangu.' Mwanagenzi anasema aliisogeza mashine ili afagie, na kwamba baada ya ajali alichomoa kamba bila kuigusa mashine. Fundi wa meza ya jirani anasema alimvua majeruhi glavu ya kushoto kabla ya kumfunga.

Hakuna shahidi aliyeona mashine ikianza. Nani aliifungia swichi, na lini, haijulikani."

Hitimisho lilifuata kwenye ukurasa wake, kila moja na msingi wake: swichi ilikuwa imefungiwa umeme uliporudi (jaribio), umeme uliorudi ulitoka kwenye jenereta (daftari, kauli ya mlinzi, saa iliyolinganishwa), mashine haina kinga ya kuwaka upya (jaribio). Mapendekezo yakatoka humo humo bila kulazimishwa. Kengele kabla ya kuvuta kishikio. Kila umeme ukikatika, fundi achomoe kamba kabla ya kuiweka mashine chini. Mashine zote za diski zipimwe kwa jaribio lile lile, na zisizo na kinga zipewe swichi ya njiani inayokata yenyewe umeme ukipotea, isiyorudi mpaka ibonyezwe.

Tuliwasomea mashahidi maneno yao kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi, na mwanagenzi alisahihisha neno moja, nasi tukalikata kwa mstari mmoja linasomeka bado, na herufi za jina lake pembeni. Cheti cha daktari kilipofika baadaye, hatukugusa maelezo. Kiliambatishwa kama nyongeza yenye tarehe ya siku kilipopokelewa, na sentensi moja inayosema kimeongezwa na nani.